Kutoka Ubaoni Hadi Dukani: Wasifu wa Mwalimu Anayeomba Kazi ya Kwanza ya Mauzo

Nilifundisha shule ya msingi miaka sita kabla sijaingia kwenye mauzo, na sasa ni mmoja wa wanaosoma maombi ya kazi nafasi ya afisa mauzo inapotangazwa. Maombi ya walimu hayakosekani. Nikiyafungua, karibu yote yananiambia mambo yaleyale: alifundisha somo fulani, aliandaa andalio la somo, alisimamia nidhamu, alihudhuria vikao vya wazazi. Yote ni ya kweli. Lakini meneja mauzo akishamaliza kusoma, hajapata hata sababu moja ya kumwita mtu huyo kwenye usaili. Anaweka karatasi pembeni na kuchukua ya kijana aliyeuza vocha stendi kwa miezi minane, kwa kuwa yule angalau kaandika neno “kuuza”.

Inaniuma, kwa sababu mwalimu wa shule binafsi hasa amefanya sehemu kubwa ya kazi tunayoitafuta. Amewafuata watu majumbani, amedai hela kwa heshima, amekataliwa na akarudi tena kesho. Tatizo ni kwamba hayo hayaandiki, kwa kuwa hayamo kwenye barua yake ya ajira. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyatoa yalikojificha na kuyaweka kwenye wasifu, ule ambao wengi tunauita sivii, bila kudanganya hata neno moja.

Ili tusizungumze hewani, tumchukue mwalimu mmoja wa mfano na tuende naye mwanzo hadi mwisho. Anaishi Morogoro mjini. Amefundisha hisabati miaka minne kwenye shule ya msingi ya binafsi, na alikuwa mwalimu wa darasa. Ameona tangazo la msambazaji wa sabuni, mafuta ya kula na dawa za meno anayetafuta afisa mauzo wa ruti ya Kihonda, Mazimbu na Msamvu. Tangazo linataka mtu mwenye elimu ya Kidato cha Nne na kuendelea, leseni ya pikipiki, anayeweza “kufikia malengo ya mauzo, kukusanya madeni na kutoa ripoti”. Uzoefu wa mauzo umetajwa kuwa ni nyongeza, si sharti.

Hatua ya kwanza: soma tangazo kwa kazi zilizomo

Usianze na wasifu wako wa zamani. Anza na tangazo, na kalamu mkononi, ujiulize mtu huyu atakuwa anafanya nini Jumatatu saa mbili asubuhi.

Kazi ya ruti ni hivi. Afisa ana orodha ya maduka ya rejareja na ya jumla, na kila duka lina siku yake ya kutembelewa. Anaingia, anasalimia, anaangalia rafu zina nini na zimepungukiwa nini, anachukua oda. Pale ambapo mwenye duka hajawahi kununua kwake, anajaribu kumfungua kama mteja mpya. Pale ambapo mzigo uliachwa kwa mali kauli wiki iliyopita, anadai. Jioni anafunga hesabu: maduka mangapi kayatembelea, mangapi yametoa oda, shilingi ngapi zimeingia, nani ameahidi kulipa lini.

Ukiichambua, ni kazi nne: kumpata mtu ambaye hakujui, kumrudia aliyesita, kukusanya hela bila kuvunja uhusiano, na kuandika kumbukumbu ambayo mwingine anaweza kuifuata. Ziandike hizo nne kwenye karatasi, kila moja na nafasi chini yake. Tangazo la kazi nyingine litakupa orodha tofauti kidogo. Muuzaji wa bima atahitaji zaidi kueleza jambo gumu kwa lugha nyepesi. Muuzaji wa dukani atahitaji zaidi kumsoma mteja aliyesimama mbele yake. Kwa hiyo wasifu ule ule hautumwi kila mahali.

Hatua ya pili: rudi kwenye madaftari

Sasa chini ya kila kazi kati ya zile nne, andika ni lini ulifanya kitu cha namna hiyo ukiwa mwalimu. Usitafute neno “mauzo”. Tafuta tendo.

Mwalimu wetu alikaa na karatasi yake jioni moja. Chini ya “kumpata mtu ambaye hakujui” alikumbuka kwamba kila mwisho wa mwaka, kabla muhula wa Januari haujaanza, shule ilikuwa inawagawia walimu mitaa ya kwenda kutafuta wanafunzi wapya. Yeye alipewa Kihonda. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na vipeperushi, anaeleza ada, usafiri na chakula cha mchana, anajibu swali la kwa nini ada imezidi ya shule jirani. Miaka yote minne hakuwahi kuifikiria kazi hiyo kama mauzo. Aliiona ni usumbufu wa likizo.

Chini ya “kukusanya hela” alikumbuka madeni ya ada. Mhasibu wa shule alikuwa anampa kila mwalimu wa darasa orodha ya wazazi wanaodaiwa, na yeye ndiye aliyepiga simu. Nilimwomba mwalimu mwenzangu wa zamani anisimulie simu hizo zinavyokwenda, akanikumbusha mazungumzo ambayo kila aliyekuwa mwalimu wa darasa anayajua:

“Shikamoo mama. Hapa ni mwalimu wa darasa.”

“Marahaba mwalimu. Najua unachopigia. Mwezi huu hali ngumu kweli.”

“Nakuelewa mama, wala sijapiga kukusukuma. Tuseme tarehe 5 unaweza kuanza na shilingi ngapi, hata kama ni nusu?”

“Labda elfu hamsini.”

“Sawa, naandika elfu hamsini tarehe 5. Nitakukumbusha tarehe 4 jioni.”

Mtu anayejua kukusanya madeni ya maduka akisoma mazungumzo haya atatambua kila kitu. Mdaiwa hakuaibishwa. Deni kubwa limegawanywa. Kuna kiasi, kuna tarehe, na kuna siku ya kukumbusha. Hicho ndicho tunachowafundisha maafisa wapya katika wiki yao ya kwanza.

Ukishakumbuka matendo, tafuta idadi. Hapa walimu wana bahati ambayo watu wengi hawana, maana shule ni mahali pa madaftari. Rejesta ya mahudhurio inakupa idadi ya wanafunzi wa darasa lako. Mhasibu anajua wangapi walikuwa wanadaiwa mwanzoni na mwishoni mwa muhula. Mwalimu wa taaluma ana orodha ya watoto waliofanya usaili wa kujiunga. Kundi la WhatsApp la wazazi lina tarehe za matangazo uliyotuma. Waombe wenzako wakuthibitishie idadi tu. Usichukue nakala ya orodha ya wadaiwa, wala usitoe jina la mzazi au mtoto nje ya shule. Mwajiri akiona umetembea na siri za wateja wa wengine, atajiuliza siri zake utazipeleka wapi.

Pale ambapo hakuna daftari, hesabu kwa njia unayoweza kuieleza. Mwalimu wetu hakuwa ameandika nyumba alizopita, ila alikumbuka alitoka Jumamosi tatu, na kila Jumamosi alimaliza vipeperushi 20 alivyopewa, kimoja kwa kila nyumba. Hiyo ni nyumba 60. Anaweza kuandika “takriban 60” na akiulizwa ana jibu. Namba usiyoweza kueleza ulivyoipata, iache.

Hatua ya tatu: andika sentensi upya

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu kuliko zote. Wasifu wa zamani wa mwalimu wetu ulikuwa hivi:

*Mwalimu wa Hisabati, 2020–2024*
*– Kufundisha hisabati Darasa la Tano hadi la Saba*
*– Kuandaa azimio la kazi na andalio la somo*
*– Kusimamia nidhamu na usafi wa wanafunzi*
*– Kuhudhuria vikao vya wazazi*
*– Kazi nyingine kadiri ya maelekezo ya mwalimu mkuu*

Hayo ni majukumu. Yanaeleza alichotakiwa kufanya, na mwalimu yeyote nchini angeweza kuyaandika. Meneja mauzo hajui kama aliyafanya vizuri, vibaya au hakuyafanya kabisa. Ule mstari wa mwisho ndio unaonisikitisha zaidi, kwa sababu ndani ya “kazi nyingine” ndimo ulimofichwa utafutaji wa wanafunzi na ukusanyaji wa ada. Kilichokuwa kinatafutwa na mwajiri ndicho alichokificha.

Sentensi inayofaa ina mambo manne: ulifanya nini, kwa watu wangapi, kwa njia gani, na nini kikatokea. Hayahitaji kufuatana kwa mpangilio huo, lakini yote yawemo. Baada ya kuandika na kufuta mara kadhaa, wasifu wake ukafikia hapa:

*Mwalimu wa Hisabati na mwalimu wa darasa, 2020–2024*

*– Novemba na Desemba 2023 nilipangiwa Kihonda kutafuta wanafunzi wapya. Nilitembelea takriban nyumba 60 kwa miguu na kuwarudia wazazi waliosita. Watoto 22 waliletwa kwenye usaili, na 14 walilipiwa ada wakaanza masomo Januari.*

*– Nilifuatilia ada za darasa la wanafunzi 38 kwa simu kila Jumamosi, nikiandika kiasi na tarehe ya kila ahadi. Wadaiwa walikuwa 17 muhula ulipoanza. Ulipofungwa walibaki 5.*

*– Nilikabidhi kila Ijumaa taarifa ya mahudhurio na maendeleo ya darasa kwa mwalimu wa taaluma kwa miaka yote minne.*

*– Nilifundisha hisabati Darasa la Tano hadi la Saba, vipindi 24 kwa wiki.*

Angalia mstari wa kwanza kwa makini. Wengi wangeandika 14 peke yake, kwa kuwa ndiyo namba ya ushindi. Lakini 60, 22 na 14 zikikaa pamoja zinasema jambo kubwa zaidi. Zinasema mtu huyu amekataliwa kwenye nyumba nyingi na hakuacha. Zinasema anajua kwamba wanaosikiliza ni wengi, wanaokuja kuangalia ni wachache, na wanaolipa ni wachache zaidi. Afisa wa ruti anaishi ndani ya hesabu hiyo kila siku, na anayeingia kazini akidhani kila duka litatoa oda huwa amekata tamaa kabla mwezi haujaisha. Kwa hiyo usione aibu kuandika waliokataa.

Maneno “kwa miguu” na “kuwarudia” nayo hayakuwekwa kama pambo. La kwanza linamwambia meneja kwamba jua na vumbi la Kihonda si mambo mageni kwako. La pili linamwambia kwamba hukuishia kugawa vipeperushi.

Mstari wa pili una mtego ambao lazima uuchunguze mwenyewe kabla ya kuutuma. Wadaiwa walipungua kutoka 17 hadi 5, lakini je, ni kwa sababu ya simu zako? Kama muhula ule shule iliamua kuwarudisha nyumbani watoto wasiolipa, au kuwazuia kufanya mitihani, basi wazazi walilipa kwa hofu ya hilo, si kwa ufuatiliaji wako. Ukiudai ushindi huo, swali moja la usaili litauangusha. Katika hali hiyo andika ulichofanya tu: ulipiga simu ngapi, uliandika ahadi vipi, ulimkabidhi nani orodha. Vilevile kama mlikuwa walimu wanne kwenye kazi moja, sema “nikiwa mmoja wa walimu wanne”. Namba ndogo iliyo yako ina nguvu kuliko namba kubwa ya shule nzima.

Je, matokeo ya mitihani? Walimu wengi hupenda kuanza nayo, na nawaelewa, maana ndiyo fahari ya kazi. Lakini mtu wa mauzo hawezi kujua kama ufaulu ulipanda kwa sababu yako, kwa sababu ya wanafunzi wenyewe au kwa sababu ya masomo ya jioni. Yape mstari mmoja, chini, au uyaache kabisa kama nafasi ni finyu. Azimio la kazi na andalio la somo pia yaondoke. Ni kazi ngumu, lakini kwa mwajiri huyu hayasemi kitu.

Kuna kosa la upande wa pili nalo. Wapo wanaosoma ushauri wa namna hii kisha wakavaa lugha ya mauzo kupita kiasi: wanafunzi wanageuka “wateja”, somo linageuka “bidhaa”, kikao cha wazazi kinakuwa “wasilisho la mauzo”. Usifanye hivyo. Mwanafunzi ni mwanafunzi. Mzazi anayetafutiwa shule na anayelipa ada ndiye aliye karibu na mteja, na hata yeye mwite mzazi. Msomaji ataunganisha mwenyewe, na atakuheshimu kwa kumwachia afanye hivyo.

Hatua ya nne: usibadilishe cheo chako

Nilipokuwa natafuta kazi yangu ya kwanza ya mauzo niliandika juu kabisa ya wasifu kwamba mimi ni “mtaalamu wa mauzo na uhusiano wa wateja”. Niliitwa kwenye usaili na kampuni moja ya vinywaji. Swali la kwanza lilikuwa mauzo yangu ya mwezi yalikuwa shilingi ngapi. Nilikaa kimya, kisha nikaanza kueleza kuhusu darasa langu, na nikaona sura ya yule mama aliyekuwa akinihoji ikibadilika. Hakuwa na tatizo na ualimu wangu. Tatizo lilikuwa kwamba nimeuficha. Kila nilichosema baada ya hapo alikipokea nusunusu.

Kwa hiyo cheo kibaki kile kile kilichomo kwenye barua yako ya ajira. Kama ulikuwa Mwalimu wa Hisabati, andika Mwalimu wa Hisabati. Mdhamini atapigiwa simu na ataulizwa swali hilo hilo: alikuwa nani hapo kwenu? Kinachobadilika ni yale yaliyo chini ya cheo, na mpangilio wake: linalofanana zaidi na kazi unayoomba linatangulia, hata kama lilichukua wiki tatu tu za mwaka. Ila kama lilichukua wiki tatu, tarehe zake zionekane, kama mwalimu wetu alivyoandika “Novemba na Desemba 2023”. Kuanza na jambo si sawa na kulifanya lionekane lilikuwa kazi ya mwaka mzima.

Hatua ya tano: sehemu ya juu ya ukurasa

Wasifu mwingi wa kwetu huanza na jina, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, kabila wakati mwingine, idadi ya watoto. Hayo yanakula theluthi ya ukurasa, na hiyo ndiyo theluthi inayosomwa kwa macho yasiyochoka. Bakisha jina, simu, barua pepe, na mtaa unaoishi. Kwa kazi ya ruti mtaa ni taarifa muhimu, kwa sababu anayeishi Mazimbu anaanza ruti ya Mazimbu mapema. Leseni ya pikipiki ikiwepo, nayo ipande juu, kwa kuwa tangazo limeitaja na msomaji anaitafuta kwanza.

Chini yake weka sentensi mbili au tatu zinazojibu swali ambalo msomaji tayari analo: mwalimu anatafuta nini huku? Mwalimu wetu aliandika:

*Mwalimu wa darasa kwa miaka minne, nimezoea kutembelea kaya, kufuatilia malipo na kuripoti kila wiki. Naishi Kihonda na naijua mitaa yake. Naomba nafasi yangu ya kwanza ya mauzo katika ruti ya Kihonda, Mazimbu na Msamvu.*

Kusema wazi kwamba ni nafasi ya kwanza hakumpunguzii kitu. Meneja angeligundua hilo kwa vyovyote. Ni bora alisikie kwako. Na hakuna “mchapakazi”, “mwenye kujituma” wala “anayeweza kufanya kazi katika mazingira magumu”. Maneno hayo yapo kwenye kila wasifu, kwa hiyo macho huyaruka. Nyumba 60 kwa miguu zimeshayasema.

Kampuni nyingi hapa Tanzania hutaka wasifu kwa Kiingereza. Fuata lugha ya tangazo. Lakini nashauri sentensi za uzoefu uziandike kwanza kwa Kiswahili, kama unavyomsimulia jirani, ndipo uzihamishe. Anayeanza moja kwa moja kwa Kiingereza mara nyingi hunakili misemo ya sampuli alizozikuta kwenye mtandao, na mambo yake mwenyewe yanabaki nje.

Kurasa mbili zinatosha, na kwa mtu wa kazi moja au mbili, moja na nusu. Elimu ikae baada ya uzoefu. Vyeti vya semina za ufundishaji viache.

Kama ulikuwa huduma kwa wateja

Aliyekaa kaunta, mapokezi au kituo cha simu anadhani yuko karibu zaidi na mauzo kuliko mwalimu, na kwa namna fulani ni kweli. Lakini ana tatizo lake. Kwenye huduma kwa wateja, mteja ndiye aliyekufuata. Kwenye mauzo wewe ndiye unayemfuata. Meneja akisoma “kujibu simu 80 kwa siku na kutatua malalamiko”, anajiuliza kama umewahi hata siku moja kuanza wewe mazungumzo na mtu ambaye hakuwa na shida na wewe.

Kwa hiyo hatua ni zilezile, ila unachotafuta kwenye kumbukumbu ni nyakati ulizovuka kaunta. Nitatoa mfano mmoja. Mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, wakati wa usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, maduka ya mitandao yalikuwa na foleni ndefu, na watu wengi walirudishwa kwa sababu hawakuwa na namba ya kitambulisho cha NIDA. Mhudumu wa kawaida alimwambia mteja “ukipata namba uje”. Mhudumu mwingine alichukua daftari, akaandika jina, simu na mtaa wa kila aliyerudishwa, akawapigia baada ya wiki mbili kuuliza kama namba imetoka. Kwenye wasifu wa huyu wa pili kuna mauzo: orodha ya watu waliokuwa karibu kukamilisha, ufuatiliaji, na idadi ya waliorudi. Wa kwanza naye alifanya kazi yake vizuri, lakini mstari wake unabaki “kusajili laini”.

Nyakati nyingine za namna hiyo zipo. Mteja alikuja kulalamika akitaka kuhama, ukamweleza jambo akabaki. Mteja alikuja kununua kimoja, ukaona anahitaji na kingine, ukamwonyesha. Kampuni ilikuwa na lengo la kila mhudumu kuunganisha watu kadhaa na huduma mpya kwa wiki, na wewe ulilifikia au ulikaribia. Hili la mwisho ni dhahabu, kwa sababu maana yake tayari umefanya kazi ukiwa na tageti kichwani. Andika lengo lilikuwa ngapi na ulifikia ngapi, hata kama kuna mwezi ulipungukiwa. Mtu aliyeandika “lengo 30, wastani wangu 26” naamini anajua zaidi lengo ni nini kuliko aliyeandika “nilivuka malengo yote”.

Hatua ya mwisho: jaribu kila mstari

Kabla ya kutuma, mpe mtu anayekujua karatasi hiyo na umwombe akuulize maswali mawili kwa kila mstari wenye namba: ulijuaje, na wale wengine ilikuwaje. Ulijuaje kwamba ni 14? Wale 8 waliofanya usaili wasilipe walikuwa na sababu gani? Mwalimu wetu akijibu kwamba wazazi watatu walishindwa nauli ya basi la shule, na wengine waliona ada ya muhula wa kwanza ni kubwa kulipwa kwa mkupuo, ameonyesha kwamba alisikiliza hata pale alipokosa. Mstari ambao hauna jibu la maswali hayo mawili uufute.

Barua ya maombi isizidi nusu ukurasa. Sababu ya kuacha ualimu ipewe sentensi moja inayoangalia mbele: umegundua kwamba kutembelea watu na kufuatilia malipo ndiyo sehemu uliyoipenda. Mshahara uliochelewa, ugomvi na uongozi wa shule, yote hayo yabaki nyumbani, hata kama ni ya kweli.

Wadhamini wachague kwa kilichoandikwa, si kwa ukubwa wa vyeo vyao. Wengi huweka mkuu wa shule, mchungaji au shehe wa mtaa, na diwani. Kwa wasifu huu, mhasibu wa shule ana thamani kuliko diwani, kwa sababu yeye ndiye aliyeona wale 17 wakibaki 5. Mwombe ruhusa kwanza, kisha msomee ule mstari kama ulivyo, ili siku meneja atakapompigia asikie kwake namba zilezile alizozisoma kwako. Akikwambia hapana mwalimu, nakumbuka walibaki 7, rekebisha iwe 7 kabla hujatuma.